Vumbi la Wanaume

Walimwita Msumeno, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata akiwa kijana, mwezi wake wa kwanza kazini, siku msimamizi alipomwona akikata bati la asbesto bila kupiga mstari wala kushika rula, na bati likatoka limenyooka kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka huohuo alioa. Kwa miaka thelathini na mmoja iliyofuata aliezeka shule, maghala, zahanati na nyumba za watumishi, na kila bati lilipozidi paa, aliitwa yeye.

Sigara hakuvuta hata siku moja. Wenzake wakitoa pakiti wakati wa mapumziko, yeye alihama kivuli. "Moshi unaua," aliwaonya, kisha akaenda kuketi peke yake kando ya meza ya kukatia, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, akala chakula chake kwa amani. Ule weupe mafundi waliuita unga. Fundi mgeni akijifunga kitambaa puani, aliulizwa kama mimba ina miezi mingapi. Na Msumeno ndiye aliyetunga msemo ambao kila mtu kazini aliujua: "Mwanamume hupimwa kwa vumbi lake." Aliutoa hata siku ya kumwoza binti yake, mkono begani mwa bwana harusi, na wageni wakapiga makofi.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni, akamvua ovaroli, akaenda kuikung'uta uani kabla ya kuiloweka. Aliikung'uta sawasawa, maana uchafu hakuupenda. Nyumba yao wenyewe iliezekwa kwa mabati ya asbesto, zawadi ya kampuni alipotimiza miaka ishirini ya utumishi mwema. Alipostaafu, msumeno wake aliutundika sebuleni, juu ya picha ya harusi, na wageni walioingia walionyeshwa msumeno kwanza.

Halafu pumzi ikaanza kumtoroka. Kwanza ilimtoroka kwenye ngazi, baadaye hata kwenye kufunga kamba za viatu. Akaaga kwamba anakwenda kufuatilia mafao yake, akaenda kliniki ya kifua.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. Aliitazama picha ya kifua kwa muda mrefu.

"Mzee, ulifanya kazi gani?"

"Mapaa."

"Ya nini?"

"Asbesto, binti yangu. Ukipita mjini, nusu ya mapaa unayoyaona ni mkono wangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba bati lile ni saruji iliyochanganywa na nyuzi. Likiwa zima, limekaa paani bila kuguswa, nyuzi zimeshikwa na saruji. Lakini ukilikata, ukilitoboa, ukilivunja au ukilisugua, zinatoka, nyembamba kiasi kwamba jicho halizioni, na zinaelea hewani kwa saa nyingi. Ukizivuta zinakwenda mpaka ndani kabisa ya pafu na haziozi humo. Na bati likizeeka, saruji inachakaa, inakuwa kavu na dhaifu, inavunjika kwa kukanyagwa tu.

"Kovu hili la pafu halikuanza jana," alisema. "Linaweza kujificha miaka ishirini, thelathini, hata arobaini."

"Dawa yake?"

"Ya kulifuta, hatuna. Tutakuangalia mara kwa mara, na usilisogelee tena vumbi hilo."

Msumeno alitafuta cha kujitetea. "Mimi sigara sijavuta maisha yangu yote."

"Umefanya vizuri sana, mzee," daktari alisema, na alimaanisha. Hilo ndilo lililomuuma.

Nyumbani alisema mafao bado yanashughulikiwa. Kikohozi alikisingizia baridi. Angeanzaje? Watu waliomwita Msumeno kwa heshima wangesikia kwamba kilichomshinda ni unga, na vijiwe vyote vingepata kicheko cha mwaka. Akanyamaza miezi minne. Usiku alilala chini ya paa lake akilitazama, lakini paa lilikuwa zima, na yeye alijua mwiko mmoja: halikatwi. Nani atalikata?

Mkwe wake. Kijana mpole, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye adabu ya kumfanya mtu aone haya. Kwa mikono yake alikuwa amemtengenezea mama mkwe jiko la chuma, lenye oveni na bomba refu la kutolea moshi nje. Alilileta Jumamosi asubuhi kwa mkokoteni. Mama wa nyumba alilizunguka mara tatu akilipapasa.

"Sasa moshi hautakuumiza kifua tena, mama," mkwe alisema. "Limebaki tundu tu kwenye paa." Akaegemeza ngazi jikoni, akachora duara kwa chaki kwenye bati lililokuwa juu ya kichwa chake, kisha akachomeka grenda yake ya kukatia.

Msumeno alikuwa sebuleni. Aliposikia grenda ikijaribiwa, aliinuka upesi kuliko kifua chake kilivyoruhusu, akaenda kwenye swichi kubwa nyuma ya mlango na kuzima umeme wa nyumba nzima.

"Umeme umekatika!" alitangaza. "Tuache tu, mwanangu. Siku nyingine."

Mkewe alitega sikio. "Mbona redio ya jirani inaimba?"

"Labda ni ya betri."

"Na pasi yake pia ni ya betri? Si huyo hapo dirishani ananyoosha mashati?"

Mkwe alicheka kwa heshima, akashuka. "Hakuna neno, baba. Kazi ndogo hii." Akaingia sebuleni, akaunyanyua mkono juu ya picha ya harusi, akatoka na msumeno. "Nitautumia wa kwako. Utanipa baraka."

"Vaa basi kitambaa puani!" Msumeno alisema, na papo hapo akaona ameropoka. Kitambaa kisingezuia chochote. Nyuzi zile zingepita ndani yake kama maji kwenye chujio.

Mkwe alisimama wima juu ya ngazi. "Kitambaa, baba? Mwanamume hupimwa kwa vumbi lake."

Alilisema kwa mapenzi, kama mtoto anayetaja somo alilolishika vizuri. Meno ya msumeno yalikuwa yamekwisha kugusa chaki. Chini ya ngazi mama alikuwa amesimama, uso juu, akisubiri kuona mbingu kupitia paa lake.

"Shuka," Msumeno alisema. "Shuka, nakuomba. Mimi ni mgonjwa."

Wakadhani anataka kuanguka. Wakamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, na hapo akayasema yote, tangu picha ya kifua mpaka uongo wa mafao. Alisema lile bati haliguswi kwa msumeno wala kwa grenda, na kwamba grenda ndiyo mbaya kuliko vyote kwa wingi wa vumbi lake. Alisema msemo wake ni upuuzi, na kwamba ameona aibu kuliko alivyoona hofu. Mkwe aliuweka msumeno chini polepole, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake.

Mke hakulia. Alihesabu kitu kwa vidole.

"Ovaroli," alisema mwishowe. "Ile niliyokuwa naikung'uta uani."

Katika miezi minne ya kuogopa, Msumeno hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa ameitumia methali hiyo miaka yote kuwasema wasimamizi wabaya.

"Ulimwambia daktari nani alikufulia?" mkewe aliuliza.

"Hakuniuliza."

"Na wewe hukukumbuka." Aliinuka, akaenda kuwasha umeme. Usiku ule alilala upande wake wa kitanda akiwa amempa mgongo.

Kliniki mkewe alikataa kwenda mpaka paa lishuke. "Nikapimwe kifua, nirudi kulala chini ya hayo?" alisema. Msumeno alimweleza kwamba bati zima lisiloguswa halina haraka hiyo, lakini haki ya kutoa mafunzo ya mabati alikuwa ameipoteza. Bomba la jiko, kwa sasa, mkwe alilipitisha ukutani, kwenye matofali.

Wakaja watu wenye kibali cha kuondoa asbesto. Msumeno aliamriwa akae ng'ambo ya barabara, kwenye kiti cha jirani, na mkewe pembeni yake. Huko aliwaona watu waliovaa suti nyeupe za kutupwa na barakoa nzito zilizobana uso, wakisimama juu ya majukwaa badala ya kukanyaga mabati. Walinyunyizia maji yenye sabuni kidogo, manyunyu mepesi, bati likalowa. Walilegeza bolti moja moja, kisha wawili wakalishika bati na kulishusha zima, wakalilaza chini. Hawakurusha hata moja. Paa ambalo Msumeno aliliezeka kwa siku mbili akiimba, wao walilishusha kwa siku tatu kimya kama watu wanaobeba mayai. Kila bati lilifungwa kwenye plastiki nene mara mbili na kubandikwa onyo, likaenda kwenye dampo lililotengwa. Vumbi lililobaki lilifutwa kwa vitambaa vilivyolowa. Fagio halikuguswa.

Jirani, mfugaji wa kuku, alisogeza kiti karibu. "Nipe manne tu nijengee banda. Mabati haya hayaozi, bwana!"

"Ndiyo shida yake," Msumeno alisema.

Kuhusu paa jipya, msimamizi wa kazi hiyo aliwapa nafasi ya kuchagua. Vigae vya saruji vilikuwa vizuri, lakini vizito, na mbao zao zingehitaji kuongezewa nguvu. Yalikuwepo mabati ya saruji ya kisasa yenye nyuzi za mimea, yaliyothibitishwa kwamba hayana asbesto; Msumeno aliyapapasa kwa hamu, maana yalifanana na yake. "Hata haya usiyakate makavu, mzee," msimamizi alisema. "Vumbi la saruji nalo si rafiki." Mama akachagua mabati ya chuma ya rangi, na chini yake tabaka la kuzuia joto na kelele za mvua. Kwa kuwa yalikuwa mepesi kuliko ya zamani, mkwe alizifunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ukutani kwa mikanda ya chuma, upepo usije ukayanyanyua. Akayafunga kwa skrubu zenye mpira. Usiku wa siku aliyomaliza, mama aligeuka kitandani, akamtazama Msumeno kwa mara ya kwanza tangu siku ya jiko.

Msumeno uliokuwa ukutani ulifungwa kwenye plastiki, ukaenda na mabati.

Wiki iliyofuata waliketi kliniki, bega kwa bega. Daktari alichukua fomu mpya.

"Mama, ulifanya kazi gani?"

"Mimi sijawahi kuajiriwa, binti yangu. Nilikuwa nyumbani tu."

Daktari alitikisa kichwa, kalamu ikashuka kuandika 'hakuna'. Msumeno akanyoosha mkono, akaizuia.

"Andika asbesto," alisema, pumzi ikimkata katikati. "Miaka thelathini na mmoja. Sawa na mimi."