Kahawa Niliyoipika Bila Pua

Mwezi mmoja baada ya bendera mpya kupandishwa, nilishikwa na mafua makali yaliyonilaza kitandani siku kumi. Nilipoinuka, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kukaanga kahawa, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu hapa Msambweni. Kila siku baada ya swala ya alasiri nilibeba dele langu dogo la shaba lililojaa kahawa, makaa yakiwaka chini yake, nikaketi pembeni mwa duka lenye redio. Wanaume walikuja kusikiliza habari, na wakisikiliza walikunywa. Nilifundishwa kazi hiyo na Mshihiri mmoja, Mwarabu muuza kahawa wa Mombasa, nami nilikuwa nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Siku ile ya kwanza nilikaanga buni na sikusikia harufu yoyote. Nilidhani pua bado imeziba. Nikatwanga, nikachemsha, nikaenda zangu barazani.

Wiki mbili zilipita. Wateja waliendelea kuja, tukasalimiana na kuulizana hali kama desturi, lakini mtu aliyezoea vikombe vitatu alikunywa kimoja akaaga kwamba ana mgeni nyumbani. Wengine walishika vikombe mpaka kahawa ikapoa. Dele ambalo zamani lilikauka kabla ya swala ya isha nikawa nalirudisha nyumbani limejaa nusu. Nikailaumu redio: siku hizo habari zilikuwa nyingi, nikasema watu wamesahau kunywa.

Aliyenizindua alikuwa mkulima wa kutoka bara, aliyepewa shamba kwenye ardhi mpya ya makazi. Alikuja siku ya soko kuuza mahindi yake, akaketi nasi jioni. Alionja kahawa yangu, akakunja uso.

"Bwana kahawa," akasema, "hii imeungua. Na tangawizi ni nyingi, inachoma kama pilipili."

Watu waliangaliana. Kwetu mtu hamwambii mwenzake hivyo mbele za watu. Nikamgeukia mwalimu wa chuo cha Kurani, mteja wangu tangu nianze biashara.

"Maalim, hebu niambie kweli. Kahawa yangu ina kasoro?"

"Kahawa ni nzuri, alhamdulillahi," akajibu, huku akitazama chini. Nami nikatazama alipotazama. Kikombe chake kilikuwa karibu na mguu wake, kimejaa hadi ukingoni.

Nilifunga kazi mapema. Nyumbani nilimkuta mke wangu akichambua mchele.

"Kahawa yangu imeharibika?" nikamwuliza.

"Tangu ulipotoka kitandani."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia upunguze moto. Ukaniambia niangalie wali wangu."

Ni kweli, nilimjibu hivyo. Aliweka ungo chini, akanifunga macho kwa leso, akaniletea vitu puani kimoja kimoja. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna nilichokitambua. Aliponifungua niliona vitu alivyokuwa amevishika: kitunguu kilichokatwa, kipande cha papa mkavu, na kitambaa kilichochovywa mafuta ya taa.

Alikunja leso yake. Kisha akasema kwa upole, "Kaka yangu wa Vanga anatafuta mtu wa kumsaidia duka. Huko hakuhitaji pua."

"Sitauza viberiti Vanga," nikasema. "Macho ninayo. Masikio ninayo. Nitajifunza upya."

Nilikaa siku nane bila kwenda barazani. Kwanza nilitaka kujua nilipopotea. Ulimi wangu bado ulijua uchungu, na ukali wa tangawizi niliusikia vizuri, lakini iliki haikuwa na ladha kabisa, kama kutafuna majani makavu. Ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nikiongeza tangawizi kila siku kwa sababu ni hiyo tu iliyonifikia. Na iliki niliyonunua wakati huo ilikuwa kuukuu; muuzaji aliniuzia iliyopauka, nami nikaivuta puani kwa mazoea na kutikisa kichwa kana kwamba nimeridhika.

Kukaanga ndiko kulikokuwa kugumu. Mke wangu aliketi nyuma yangu, mimi nikakoroga buni kwenye kikaango cha udongo juu ya makaa. Harufu ilipofika pale panapotakiwa alisema, "Sasa," nami nikaepua papo hapo, nikatazama rangi. Tulirudia asubuhi na jioni. Siku ya tatu niligundua kwamba kabla hajasema "sasa", buni zilikuwa zimelia kwa mipasuko mikubwa, kisha zikatulia kidogo. Nikiziepua wakati wa utulivu ule, zikiwa na rangi ya kahawia ya ganda la kungumanga na kabla hazijaanza kung'aa mafuta, zilikuwa sawa. Siku ya tano nilimwomba asiseme kitu. Nilisikiliza, nikaepua mwenyewe.

"Umewahi mno," akasema.

Nikakaanga nyingine. "Hizi umechelewa kidogo." Za tatu alizinusa, akachukua kinu, akaanza kutwanga bila neno. Kwa mwanamke yule hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Tangawizi nikaipima kwa pingili ya juu ya kidole gumba, moja kwa kila dele, hata kama ulimi wangu unadai zaidi. Niliiponda, nikaichemsha na maji kwanza. Kisha nikatia kahawa, nikalisimamia dele: povu likipanda hadi shingoni naliondoa motoni, likishuka nalirudisha, mara tatu. Iliki nikaichagua kwa macho, maganda ya kijani na mbegu nyeusi zenye kunata, nikaitwanga wakati huohuo na kuitia mwisho, maana ikichemka sana harufu yake hupotea. Halafu matone ya maji baridi ili machicha yatue.

Siku ya tisa nilirudi barazani. Nilipanga vikombe, lakini kabla ya kumimina nilisimama.

"Waungwana," nikasema, "mafua yameniondolea pua. Sisikii harufu ya kitu chochote, na huenda isirudi. Kahawa hii nimeipika kwa macho na masikio. Ikiwa mbaya, naomba mniambie. Mkinistahi mtaniua njaa."

Kikombe cha kwanza nilimpa maalim. Alionja, akafikiri, nikaona shingo yake ikikakamaa kwa tabu ya kusema.

"Iliki imezidi kidogo," akasema.

"Ahsante, maalim."

"Lakini niongezee."

Tangu jioni ile kikombe cha kwanza kikawa bure kwa yeyote atakayekisemea kweli. Mwanzo walionea haya, baadaye wakazoea hata wakawa wanabishana, huyu akisema imepoa, yule akisema ni kali. Mkulima wa bara alirudi na gunia lake siku ya soko. Nilimshukuru. Alishangaa, kwani alikuwa amekwisha sahau alichosema. Alikunywa vikombe viwili akaniuliza bei ya mahindi Ukunda.

Pua haikurudi. Mtoto wetu wa mwisho alizaliwa miaka miwili baadaye, na wanawake walipomsifu kwa harufu ya mafuta na udi niliitikia tu. Hilo liliniuma kuliko kahawa, nami sikumwambia mtu ila mamake. Asubuhi iliyofuata aliniwekea mtoto kifuani huku nikikaanga. Buni zilipoanza kupasuka alishtuka, akafumbua macho. Nilimtuliza kwa mkono mmoja, nikakoroga kwa mwingine, nikingoja zitulie.