Batani ya Pawa na Mbuzi Mwenye Baka

Jirani yangu alingoja ibada iishe. Watu wakiwa bado wamesimama nje ya kanisa, akatangaza kwamba mbuzi mwenye baka jeupe aliyefungwa kwangu ni wake, alipotea Jumamosi, na kwamba mimi huwa sinunui mbuzi wote ninaouza. Hakuniita mwizi. Aliwaachia wengine hiyo kazi, nao wakaifanya.

Mbuzi nilikuwa nimemnunua sokoni Kwa Vonza siku tisa kabla ya hiyo Jumamosi yake. Muuzaji alikuwa mfanyabiashara wa mifugo wa kutoka Garissa, mtu wa heshima, tulibishana bei mpaka chai yake ikapoa. Kabla ya kulipa nilimpiga picha akiwa amemshika mbuzi pembe. Huwa nafanya hivyo kwa kila mnyama. Picha ilikuwa na tarehe, na ilikuwa ndani ya simu yangu peke yake. Naibu wa chifu alituita tufike kwake Jumatano saa nne, akaniambia nije na hiyo picha au nije na mbuzi wa kuacha.

Sasa niseme habari za hiyo simu.

Biashara ya mbuzi ni biashara ya vumbi. Vumbi liliingia kwenye batani ya pawa hadi ikawa nzito kubonyeza. Mimi, kwa akili yangu, nikaitilia tone la mafuta ya kupikia, jinsi ninavyofanya bawaba ya mlango. Siku mbili ikateleza vizuri, nikajisifu. Siku ya tatu mafuta yalikuwa yamekamata vumbi lote la Kitui na kugeuka uji mzito. Batani ikazama, haikurudi. Nikaichokoa kwa kijiti cha meno.

Fundi wa simu pale sokoni aliifungua, akaisugua kwa brashi na spiriti, akaniita niangalie.

"Mama, uchafu nimetoa. Lakini hiki kibati kidogo chini ya batani kimechoka. Kinafaa kiruke ukikibonyeza, kiguse hapa. Hakiruki vizuri tena, na hapa pa kugusia pamelika. Tubadilishe fleksi, huu ukanda wote wa pawa na sauti. Mia nane."

"Mia tatu."

"Mia tatu ni ya kufungua tu."

"Basi umeshafungua, hiyo kazi imeisha. Nikulipe mia na hamsini ya kusugua."

Akanitazama kama mtu anayekariri sura. Akachukua hiyo mia na hamsini, akafunga simu, akaweka mpangilio wa kugonga kioo mara mbili ili kiwake, akaweka na alama ya kuzimia kioo hapo hapo kwenye skrini. "Utaishi bila batani," akasema. "Ila usiizime, na usiiache iishe chaji. Ikilala kabisa, hakuna kitu cha kuiamsha."

Usafi wake ulidumu siku nne. Baada ya hapo batani ikawa pambo, nikawa nagonga kioo.

Jumanne jioni chaji ilibaki kidogo na sola ya nyumbani ilikuwa imeharibika, nikaipeleka kwenye kibanda cha kuchajia. Mwenye kibanda ni mama ambaye hatupendani. Tuliwahi kuzozana juu ya shilingi tano akashinda, na bado ana hasira. Nilimwambia asiizime. Nikamwambia tena. Kwake simu zote huzimwa ndipo zichajiwe, eti zinajaa haraka na hazimsumbui kwa kulia.

Jumatano asubuhi nilifika na mbuzi kwenye kamba. Akanipa simu. Nikagonga kioo mara mbili. Giza. Nikagonga kama mtu anayebisha nyumba yenye moto.

"Umeizima?"

"Ililia mara tatu. Nikavuta hapo juu, nikaona alama ya kuzima, nikazima. Hata haihitaji batani, unaona? Nimekusaidia."

"Nilikwambia mara mbili!"

"Wewe kila kitu unasema mara mbili, mama, mwaitu. Nitajua gani ni ya ukweli?"

Nikairudisha kwenye waya wake. Kioo kikaonyesha picha ya betri, asilimia mia moja, kisha kikazima. Imejaa na imekufa. Kutoa laini na kuiweka kwa simu nyingine kungenipa namba yangu, si picha. Picha ilikuwa imelala ndani na tarehe yake. Ilikuwa saa tatu kasorobo.

Fundi aliniona nikija, na mbuzi, akaendelea kupuliza kioo cha simu ya mtu mwingine.

"Weka hiyo fleksi," nikasema. "Mia nane."

"Nilikuwa nayo moja. Imeenda. Nyingine inatoka Nairobi kesho kutwa."

"Saa nne naitwa kwa naibu wa chifu."

"Nimesikia. Mbuzi ndiye huyu?" Akamwangalia mbuzi kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi. "Watu wanasema mengi."

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema mia nane."

"Bila fleksi?"

"Bila fleksi. Mia tatu ya kufungua, mia tano ya siku ile."

Kulikuwa na maneno mengi ya kumrudishia, na yote niliyajua. Nikatoa mia nane. Akazihesabu mbele yangu polepole, akazihesabu tena, akanitazama usoni kuhakikisha nimeona.

Akapasha mgongo wa simu moto, akauinua, akafungua skrubu. Akashika kibano chenye ncha nyembamba, akagusisha ncha zake kwenye nukta mbili pale ukanda unaposhikana na batani, kazi ambayo kile kibati kilikuwa kimeshindwa. Akahesabu hadi tatu. Simu ikatetemeka. Nilishika pembe ya mbuzi bila kujua.

"Sifungi mgongo," akasema, akazungusha raba mbili. "Ikizima njiani, rudi niiguse tena."

"Utanilipisha?"

"Sana."

Nilifika saa nne na nusu. Jirani alikuwa ameshatoa kamba yake mwenyewe.

"Amekuja na simu iliyofungwa raba kama mboga," akasema. "Hiyo ndiyo ushahidi?"

Naibu wa chifu akanyoosha mkono. Sikumpa. Mtu yeyote akishika simu, kidole chake kinatafuta batani, na mgongo ulikuwa wazi. Nikagonga kioo, nikafungua picha, nikaishika mbele ya macho yake kwa mikono miwili. Akasoma tarehe. Akatoka nje kuangalia baka, akarudi, akaangalia picha tena.

"Wako alipotea lini?" akamuuliza jirani.

"Jumamosi."

"Huyu alikuwa sokoni siku tisa kabla. Na anayemshika si wewe."

"Picha siku hizi zinatengenezwa!"

"Na simu inayofungwa kwa raba?" akauliza naibu wa chifu. "Itatengeneza nini?"

Kabla ya kuketi niliituma ile picha kwa simu yake, nikamwomba ahakikishe imefika, nikamwomba tena. Akaamuru jirani aseme mbele ya waliokuwepo kwamba mbuzi si wake. Jirani akasema, huku akiangalia mlango, kwa sauti ya mtu anayeomba maji. Nilifungua kamba yangu kutoka kwenye mti, yeye akakunja yake, tukaachana bila kwaheri.

Mle ofisini walikuwepo watu saba wa kanisani. Pale nje ya kanisa nilikuwa nimehesabu arobaini na wanne, bila watoto. Mpaka leo, kuna watu thelathini na saba ninaopita nao njiani ambao hawakusikia. Wengine hunisalimia. Wengine huhesabu mbuzi wao nikishapita.