Supu Isiyowasha

Kwenye kantini ya kiwanda cha viatu, chupa ya pilipili ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza mezani. Watu walivumilia wali mkavu, walivumilia maharage yaliyoshika chini ya sufuria, hata nyama ngumu kama soli walizokuwa wakizishona wenyewe, mradi chupa ile iwepo. Mwanamke aliyeitengeneza walimwita Mama Pilipili. Alikuwa mpole, na sauti yake ndogo, hata wageni wakadhani jina lile amepewa kwa kumtania.

Kila asubuhi aliketi uani nyuma ya jiko na beseni la pilipili mbele yake. Kabla ya kushika kisu alijipaka mafuta ya kupikia viganjani na kati ya vidole, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini. Ukali wa pilipili hufuata mafuta. Ukiyakuta hubaki humo, hauzami sana kwenye ngozi. Akimaliza alijisugua kwa sabuni ya vyombo mpaka chini ya kucha, ndipo akafungua bomba.

Mpishi mwenzake, mwanamume mnene waliyemwita Bonge, alizicheka taratibu hizo mpaka siku alipokata beseni zima mikono mitupu. Mama Pilipili alimkuta amechomeka mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji, jasho linamtoka.

"Dada, nakufa. Maji ya baridi haya, mbona ndiyo yanazidi?"

"Kwa sababu unautembeza tu. Ulikuwa vidoleni, sasa umeupeleka mpaka kwenye vifundo. Toa mikono huko."

Alimmiminia mafuta, akamsugua kidole kimoja kimoja, akampaka sabuni, akamsuuza, akarudia tena.

"Umenipaka mafuta kila mahali," Bonge alisema akijitazama. "Bado kunitia chumvi na kuniweka kikaangoni."

"Na usijiguse macho. Wala huko kwingine ukienda msalani."

Bonge alicheka mpaka akasahau kuungua. Mama Pilipili naye alicheka, kisha akaokota glavu zake za mpira, akazivaa juu ya mafuta. Siku hizo alikuwa akivaa glavu. Mafuta na sabuni vilimtosha miaka yote, ila sasa nyumbani kulikuwa na mdomo wa mtu uliokuwa ukikisubiri kidole chake.

Mdomo huo ulikuwa wa mumewe, fundi cherehani. Fundi alikuwa mtu wa pilipili tangu ujanani. Alikula na pilipili mbichi mkono wa kushoto, anauma tonge, anauma pilipili, pua inatiririka, na ukimwuliza kama anaumia anasema hiyo ndiyo chai yake. Siku ya kwanza waliyoonana alikuja kantini kupima mapazia, akaonja ile chupa, akauliza kwa sauti, "Jamani, hii ni pilipili au sharubati ya nyanya?" Mama Pilipili, wakati huo bado binti, alimtengenezea yake peke yake kesho yake. Fundi aliimaliza bila kupepesa macho, kisha akaenda kukaa nje kwenye ngazi muda mrefu. Mapazia yale aliyarudia kupima mara nyingi kuliko madirisha yaliyokuwepo.

Halafu ukaja uvimbe wa koo, na baada ya uvimbe mionzi. Mionzi ilimchubua kinywa kizima. Ulimi ukawa mwekundu na kung'aa, mashavu kwa ndani yakajaa vidonda, mate yakakauka. Muuguzi aliyekuwa akipita nyumbani alimwonyesha Mama Pilipili namna ya kupaka dawa ya vidonda kwa ncha ya kidole, akampa na makatazo: asipewe ndimu, asipewe vitu vikavu, asipewe vya moto, na pilipili hata kwa ndoto.

Fundi akaacha kula. Hakugoma, alikuwa akishika kijiko, anakitazama, anakirudisha. Shati alilojishonea mwenyewe likaanza kumvaa yeye.

"Mama," alimwambia mkewe jioni moja, kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, "nitilie pilipili. Kidogo tu."

"Mume wangu, na vidonda hivyo?"

"Kidogo."

Mama Pilipili alilifikiria jambo hilo siku nzima kazini. Alijua kitu ambacho wengi hawakijui, kwamba pilipili ina sehemu mbili ndani ya ngozi moja. Ukali hukaa katikati, kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu na kushuka kama kamba ubavuni. Ganda lenyewe halina kitu kikubwa. Ukilitenga vizuri hubaki jekundu na tamu, lina harufu ya tunda lililoiva. Mumewe alitaka harufu hiyo, alijiambia. Alitaka kukumbuka.

Aliporudi nyumbani alichagua pilipili kubwa, akaipasua kwa urefu. Kwa ncha ya kijiko alikwangua utando wote pamoja na mbegu, akaviangusha kwenye pipa la taka. Alisuuza ganda, akaligusisha ulimini mwake, akakwangua tena mahali palipobaki weupe, akaonja tena. Lilipokuwa halimwashi hata chembe alilichemsha ndani ya supu ya viazi na maziwa, akaisaga yote ikawa laini, akaiacha ipoe.

Fundi alionja. Mkewe alikuwa ameinama mbele yake, anamtazama mdomoni.

"Inanukia," Fundi alisema. "Hapo sasa umepika."

Alikula nusu bakuli. Mama Pilipili alikwenda jikoni akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha kimyakimya ili asimsikie. Tangu jioni hiyo ikawa ndiyo kazi yake akitoka kazini. Mikono ilikuwa inachoka kwa kukwangua, lakini alikwangua kama mtu anayeng'oa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Na kila jioni Fundi alisema inanukia, akala vijiko vyake kadhaa, akashukuru.

Siku moja kiwanda kilikuwa na wageni na kantini ikachelewa kufungwa. Alimpigia simu wifi yake, dada wa Fundi, akamwomba apike ile supu.

"Lakini wifi, pilipili utoe ukali wote."

"Wewe unadhani jiko umezaliwa nalo peke yako? Nenda zako kahudumie wageni."

Alipofika nyumbani alisikia kikohozi kabla hajavua viatu. Fundi alikuwa ameketi kitandani, uso umelowa, mdomo wazi. Wifi alikuwa amemshikia kikombe cha maji huku mwenyewe analia.

"Nimempa maji vikombe na vikombe, wifi, hayasaidii!"

"Weka chini maji!"

Alikimbilia jikoni, akarudi na maziwa baridi. "Weka mdomoni, usimeze. Yashikilie. Haya, tema. Tena." Maziwa yana mafuta, na yana kitu kinachoushika ukali na kuuondoa, maji huusambaza tu kila kona. Kidogokidogo pumzi ya Fundi ilitulia.

"Nilitoa mbegu zote," wifi alisema mlangoni, akipangusa macho kwa bega. "Moja moja, naapa. Nilizihesabu kama mchele wa mgonjwa."

"Si mbegu, wifi. Mbegu huambukizwa tu na jirani yake. Ni ule weupe."

"Weupe gani?"

"Basi. Si kosa lako. Nenda kapumzike."

Wifi alitoka. Mama Pilipili alianza kumpangusa mumewe kidevu, na hapo ndipo alipomwona anatabasamu. Midomo imevimba, macho mekundu, na bado anatabasamu.

"Nimeisikia," Fundi alisema.

"Nini?"

"Pilipili. Nimeisikia, mama. Imeniwasha."

"Pole, baba. Haitarudia tena."

Fundi alitikisa kichwa, akamshika mkono. Maneno yalimtoka taratibu kwa sababu ya koo. "Ladha iliondoka na mionzi. Chumvi siijui, sukari siijui, harufu siijui. Kila kitu nakula kama nameza pamba. Hiki ndicho kitu cha kwanza kukisikia."

Mama Pilipili aliacha kumpangusa. Kitambaa kilibaki mkononi mwake.

"Na ile yangu? Uliyosema inanukia?"

Fundi aligeukia ukutani.

"Ulikuwa unanitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani," alisema. "Ningekwambiaje?"

Mama Pilipili alitoka, akaenda kusimama jikoni. Hakulia. Aliliangalia pipa la taka, akafikiria jioni zote alizoketi kwenye kigoda kile, kijiko mkononi, akikwangua kwa uangalifu, akionja, akikwangua tena. Kitu pekee ambacho mumewe aliweza bado kukisikia duniani, yeye alikuwa akikitoa kwa mikono yake na kukitupa, kisha anampelekea kilichobaki, na mume anakula ili mke asivunjike moyo.

Muuguzi alipokuja alimweleza yote. Muuguzi alitazama vidole vyake.

"Kidonda kitamuuma," alisema. "Lakini kwa hapa tulipofika, shangazi, sitakukataza. Kidogo sana. Na maziwa yawe karibu."

Basi akajifunza kazi yake upya, safari hii kinyume. Ganda aliliweka kando. Alichukua kipande cha utando mweupe chembamba kama uzi wa cherehani, akakikaanga kwenye siagi juu ya moto mdogo ili ukali uingie kwenye mafuta na usikae mahali pamoja, akakitoa kile kipande, kisha siagi akaichanganya na supu. Alionja, akaongeza maziwa, akaonja tena, akitafuta pale ambapo ukali unabisha hodi bila kuvunja mlango.

Fundi alikula. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, akaguna, akaomba maziwa, akaomba kijiko kingine. "Hii sasa ni pilipili au sharubati?" alimwuliza mkewe, nao wakacheka, yeye kwa kukohoa. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na mtu anayengojea chakula.

Kisha maumivu yalipanda, muuguzi akabadilisha dawa, akaleta ya nguvu zaidi. Fundi akawa analala sana. Jioni moja aliamka, akaomba supu yake. Mama Pilipili aliipika kama kawaida, akampa kijiko cha kwanza, akangoja. Fundi alimeza. Alingoja naye, kama mtu anayesikiliza kama kuna anayeita nje.

"Leo hukutia," alisema.

Mama Pilipili alichota kidogo, akaonja. Ukali ulimshika ulimi, ukapanda mpaka puani, macho yakamlowa. Aliinamisha kichwa juu ya bakuli ili mumewe asimwone.

"Nimesahau, mume wangu," alisema. "Nilikuwa na haraka. Kesho nitatia."

"Usisahau," Fundi alisema, akafumba macho.

"Sisahau."

Alimpa kijiko cha pili, na cha tatu, na Fundi akavimeza vyote kwa utii.