Pua Bapa ya Bomba la Kamanzi

"Hatuandiki 'limetumika kwa nyanya tu,' shemeji, hata ukinitundika darini!"

Léonce, mume wa marehemu dada wa Kabagwira, aliinua macho kutoka kwenye simu. Tangazo la kuuza lilikuwa karibu kwisha: bomba la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, tangi lita kumi na sita, pampu nzima, vipuri vipo, washa mbili za kuziba pistoni na mpira mmoja wa vali.

"Kamanzi mwenye bomba kasema hivyo, Kabagwira. Na pampu tumeijaribu wote."

Kweli waliijaribu. Kabagwira, aliyekuwa akiuza zana kuukuu mtaani Gatsata tangu barabara ikiwa vumbi, alijaza maji, akasukuma mkono mara nane, akafinya kifyatuo. Maji yakatoka kwa nguvu. Hakuna tone lililovuja kwenye pistoni. Hapo ndipo alipoingiwa na shaka: bomba kuukuu lisilo na kasoro ni kama mkwe asiyekula, lina jambo.

"Angalia hii pua ya kutolea dawa," akasema. "Bapa. Maji yanatoka kama upepeo. Mtu wa nyanya hutumia ya duara, ukungu uzunguke hadi chini ya jani. Bapa ni ya kulaza dawa ya kuua magugu, mstari kwa mstari."

"Labda alikosa ya duara."

"Labda mimi ni binti wa mfalme! Na hii harufu ya Omo? Nani huosha bomba kwa Omo mara tatu, kama nguo ya harusi?"

Léonce akacheka. Kabagwira hakucheka. Msimu uliopita alimuuzia Winifred, mkulima wa Busanza, bomba safi vilevile. Baada ya wiki mbili, nyanya zote za mama yule zikajikunja majani kama masikio ya mbuzi aliyeona kisu. Hata nzi, watu walisema, waliruka juu ya shamba lake wakipiga chafya. Dawa ya magugu ilikuwa imejificha ndani ya mpira wa bomba. Tangu hapo Winifred hununua kwingine, na humsimulia kila anayepita. Akija wa pili wa kusimulia, nani atamwamini tena Kabagwira?

"Andika: pua bapa, limewahi kutiwa dawa ya magugu, lisitumike kwa mboga. Anayetaka kuua magugu shambani mwa mahindi atalichukua."

"Kamanzi atakasirika. Hatujui kwa hakika!"

"Mimi pua yangu inajua. Hii ya usoni. Bonyeza!"

Kidole cha Léonce kikasimama juu ya kioo. Mlango ukalia. Kamanzi, mwenye bomba, aliingia akitabasamu meno yote, mkononi ameshika kijifuko.

"Mama, nilisahau. Hii hapa pua ya duara, ndiyo niliyokuwa nikitumia kwa nyanya miaka yote."

Kabagwira akaitazama. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imeibana, haijafunguliwa.

Léonce akaandika 'lisitumike kwa mboga,' akabonyeza.