Birika la Kiti cha Nyuma

Sauti ya Mama Lepe ililaza watu tangu zamani, hata kabla kulaza watu hakujawa kazi yake. Miaka yote ya ujana alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Alikaa kwenye kijumba cha kioo juu ya jukwaa, akiwaambia abiria treni ipi inaingia na ipi imechelewa. Mzaha wa stesheni nzima ulikuwa kwamba watu hawakukosa treni kwa kuchelewa, walikosa kwa kumsikiliza. Mtu amekaa kwenye benchi na begi lake mapajani, sauti inateremka kutoka kwenye spika, "abiria mnaombwa...", kidevu kinagusa kifua, na treni hiyoo, imeshaondoka. Alipostaafu, mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, akamwambia, "Mama, sauti yote hii ikae bure humu ndani inagombana na paka? Tuifungulie chaneli mtandaoni."

Ikawa chaneli ya usingizi wa mchana. Si wa usiku, tuelewane. Ni wa ile saa ya baada ya chakula, jua limesimama, na hata nzi wanatembea badala ya kuruka. Kila Jumapili Mama Lepe aliingia chumba cha uani, kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kisitoe mwangwi, akavua viatu na kusoma mubashara. Alisoma safari ya treni isiyofika popote. Dirishani kuna shamba, baada ya shamba kuna mto, mtu mmoja mtoni anafua shati jeupe, anainua mkono, treni imepita, sasa ni daraja. Nje ya mapazia mwanga ulikuwa wa rangi ya asali. Mkwe, aliyesimamia kompyuta, mara nyingi alilala kabla ya wasikilizaji.

Kusikiliza kulikuwa bure. Ila waliopenda zaidi walijiunga uanachama kwa malipo ya kila mwezi, wakapewa vyao: beji ndogo kando ya jina, inayobadilika rangi kadiri mtu anavyodumu, safari zilizorekodiwa kwa wanachama tu, na vipicha vya kutupia kwenye gumzo wakati wa matangazo. Vipicha alivichora mkwe: mto wa kulalia, taa ya treni, na birika la bluu lenye mfuniko uliobonyea.

Birika hilo aliliagiza Mama Lepe mwenyewe. Lilikuwa la marehemu mama yake. Enzi hizo, yeye na kaka yake wakigombana, mama yao hakupiga wala hakuhukumu. Aliteleka birika, akawakalisha jikoni wote wawili, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka mpaka maji yachemke. Yakichemka, ugomvi umekwisha. Ilikuwa sheria ya nyumba, na haikuandikwa popote ila kwenye vichwa vya watoto wawili.

Huyo kaka alikuwa fundi saa. Saa za mji mzima zilipita mikononi mwake zikatoka zinakwenda sawasawa, na yeye mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati. Ulikuwa utani wa ukoo, mpaka siku alipochelewa pabaya. Mama yao aliumwa ghafla, kaka akaitwa, akasema anamalizia kazi kidogo, na alipofika mama alikuwa ameshafunikwa shuka. Mama Lepe, kwa uchungu, akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Mazishi umewahi. Mama ndiye umemchelewea."

Jamani, ulimi hauna mfupa. Kaka alizika, akafuta mikono, akaondoka, na tangu hapo simu ikawa kimya pande zote mbili. Yeye akingoja aombwe radhi, dada akingoja apigiwe. Mambo ya watu wazima hayo!

Sasa, siku uanachama ulipofunguliwa, aliingia mtu anayejiita Kiti cha Nyuma. Hakuandika neno hata moja. Lakini kila Jumapili, safari inapokwisha na wengine wanatupa mito na taa, yeye alitupa birika moja tu. Mama Lepe alijua. Kwani nani mwingine aligombania kiti cha nyuma cha baiskeli ya baba kila asubuhi? Hakumwambia hata mkwe. Na ukweli ni kwamba alianza kusomea kile kibirika. Abiria wengine walikuwa wengi na aliwapenda, ila treni ilikuwa ya mtu mmoja.

Kisha ikaja Jumapili ambayo birika halikuja. Akasema labda kachelewa, ndiyo tabia yake. Jumapili iliyofuata, kimya. Mama Lepe akasoma vibaya, akaruka daraja zima, mtu wa mtoni akabaki na shati mkononi. Kulikuwa na wazo asilotaka kulisema: yule bwana ni mtu mzima, anaishi peke yake, na moyo wake ulikuwa na matatizo tangu zamani.

Kesho yake mchana akamfuata mkwe aliyekuwa anakunja nguo.

"Mwanangu, hebu tuangalie kama ule uanachama unafanya kazi. Mimi naona umeharibika."

"Umeharibikaje, mama?"

"Njoo uone mwenyewe!" Akamwonyesha simu yake. Kwenye ukurasa wa chaneli hapakuwa na kitufe cha Jiunge. "Si unaona? Hakipo! Watu wanashindwa kulipa, ndiyo maana wanapotea." Alisema hayo uso wake unang'aa. Mkwe hakuelewa. Mtu gani anafurahia chaneli yake kuharibika?

"Mama, umeingia kwa akaunti ya chaneli. Wewe ndiye mwenyewe. Mwenye chaneli hajiungi kwake, kwa hiyo kitufe hakionekani kwako. Kingeonekana ndiyo ningeshangaa."

Ule mng'ao ukapungua. Hakukubali lakini. "Angalia vizuri. Mashine haziaminiki."

Basi mkwe akaacha nguo, akafungua kompyuta, na wakaingia upande wa usimamizi wa chaneli, wameketi bega kwa bega kwenye chumba cha mablanketi. Uanachama: umewashwa. Ngazi ya malipo: ipo, bei ni ileile. Beji zipo, vipicha vipo, safari za wanachama zimefungwa kwa wanachama kama inavyotakiwa. Wakafungua orodha ya wanachama. Mama Lepe akapitisha kidole kwenye kioo, jina kwa jina, polepole kama anayesoma vituo. Kiti cha Nyuma hakuwemo.

"Orodha inaonyesha walio hai tu," mkwe akasema, kisha akasikia alichosema. "Yaani... ambao uanachama wao uko hai, mama."

"Na aliyetoka, imeandikwa katoka kwa nini?"

"Haiandikwi. Hapa kwenye takwimu tunaona kuwa mmoja kapungua, basi. Labda kajitoa. Labda kadi yake imegoma. Ikigoma wenye mtandao wanamwarifu yeye, si sisi. Wanamsubiri siku kadhaa huku wakijaribu tena kukata, ikishindikana beji inaondoka na vipicha vinafungwa. Labda..."

"Malizia."

Mkwe akarudisha orodha juu, akaanza kuipitia upya.

"Basi jaribu. Labda hawakati pesa kwa mtu yeyote. Labda wamegomewa wote."

Mkwe akachukua simu yake mwenyewe, yenye akaunti yake mwenyewe, ambayo siku zote ilisikiliza bure. Kitufe cha Jiunge kilikuwepo, kipana, kizima. Akakibonyeza, akaweka kadi. Mama Lepe alikuwa ameshikilia ncha ya blanketi la ukutani. Na hapa nasema wazi: mwanamke yule alikuwa anaomba dua kazi ya mikono yake iwe imekufa. Igome, aliomba. Igome, igome kwa kila mtu, niambiwe ni mitambo.

Simu ikalia. Ujumbe wa benki: malipo yamepita. Mkwe akafungua safari ya wanachama, ikafunguka. Akaandika neno chini yake, na kando ya jina lake kukawa na beji mpya. Akagusa vipicha: mto, taa, birika la bluu, vyote viko wazi.

"Kila kitu kinafanya kazi, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Lepe akaketi sakafuni. Machozi yakamtoka bila kelele. Ndipo mkwe akaambiwa habari yote, ya jikoni, ya waombolezaji, ya kiti cha baiskeli, na alipomaliza kuisikia hakutoa nasaha wala methali. Alinyoosha mkono akamkabidhi simu.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo kichwani. Nitaisahauje?"

Iliita. Iliita sana. Mwanga wa asali ulikuwa umefika kwenye miguu yao, na vumbi lilielea humo bila haraka ya kutua. Mama Lepe alikwisha kuanza kuwaza nani atakuwa na ufunguo wa nyumba ile, pale sauti nzito ilipoitika.

"Haloo."

Akaisogeza simu mdomoni, akaiondoa tena. Yeye, aliyewasemesha abiria maisha yake yote!

"Haloo, nani?"

"Ni mimi, kaka. Uko mzima?"

"Mzima nini, wakati umenifukuza?"

"Nimekufukuza lini?"

"Birika umelitia kufuli. Nilibonyeza, nikaona kikufuli, na ile beji yangu umeninyang'anya. Nikasema haya, dada kachoka, dada kanifunga mlango. Ni haki yake, nilimchelewea mama. Sikutaka kubisha."

"Kaka," akasema Mama Lepe, akicheka na kulia kwa pamoja, "kadi yako imekwisha muda?"

"Kadi gani?"

"Ya benki! Unayolipia!"

Akasikia droo inavutwa, vyuma vya saa vinagongana, karatasi inachakurwa. "Ee bwana wee," sauti ikasema. "Kuna mpya hapa. Iko kwenye bahasha yake. Wameniletea zamani, nikasema nitaifungua kesho, na jumbe zao nazo nitazisoma kesho."

"Kesho zako hizo! Nami nilikuwa nakuzika huku!"

"Pole, mdogo wangu. Nilikuwa nasikiliza lakini. Bila birika, lakini nasikiliza. Jana umeruka daraja."

Mama Lepe akafuta uso kwa ncha ya blanketi. "Neno lile nililokuambia msibani," akasema, "nilikosea. Nisamehe." Upande wa pili palikuwa na saa nyingi zikigonga, kila moja na mwendo wake. Kaka akaipasua ile bahasha. "Sasa hizi namba za kadi nikusomee wewe?" akauliza. "Usinisomee mimi! Usimsomee mtu!" Mkwe aliichukua simu, akamwelekeza aweke mwenyewe kwenye akaunti yake.

Jumapili ilipofika treni iliondoka kama kawaida. Shamba, kisha mto. Mtu wa mtoni alisuuza shati lake, akainua mkono, na daraja likaja, safari hii zima. Mkwe alikuwa ameshasinzia kwenye kiti. Safari ilipokwisha, mito ikaanza kuanguka kwenye gumzo, na taa, na mito tena, kisha ikapungua, kisha ikaisha. Mama Lepe hakuzima. Alisubiri mbele ya maikrofoni, mikono mapajani.

Likatokea, peke yake, la bluu, lenye mfuniko uliobonyea.

Akaisogelea maikrofoni kwa ile sauti yake ya kijumba cha kioo, ambayo wasikilizaji wengi hawakuwahi kuijua. "Abiria mnaarifiwa," akasema, "treni tuliyokuwa tunaisubiri imeingia. Haijachelewa." Kisha akaenda jikoni kuteleka maji, maana kaka yake, mgeni wa siku hiyo, alisema angefika saa kumi, na kwa hesabu za dada mtu angefika magharibi.