Boksi Nne Katika Kila Katoni

Usiku ule sikulala hata dakika. Usingizi ulinijia kesho yake, Ijumaa mchana, nikiwa nimeketi kwenye kiti changu ndani ya stoo ya dawa, kichwa juu ya karatasi za hesabu. Ndipo alipokuja Mzee Sangiwa, ambaye tulimzika mwaka juzi.

Nieleze kwanza nilikuwa katika hali gani. Mimi ni mtunza stoo wa hospitali ya wilaya. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Sangiwa, na kiti ninachokalia kilikuwa chake. Alifukuzwa kwa sababu ya sindano zilizopotea. Siku ya kuhesabu mara ya mwisho mimi ndiye niliyesaini kama shahidi kwamba zimepungua. Alinitazama tu, akavua koti lake la kazi, akalitundika msumarini, akaondoka. Niliamini kwamba ameiba. Kila mtu aliamini.

Sasa ikawa zamu yangu. Kila Ijumaa nahesabu kilichopo rafuni na kukilinganisha na kadi ya stoo: kilichokuwapo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka. Kwenye boksi za sindano ya malaria kali hesabu ilikataa. Wiki ya kwanza zilipungua nne. Ya pili, nane. Ya tatu haikupungua hata moja, nikamshukuru Mungu. Ya nne, kumi na mbili. Ya tano, nne tena. Niliandika upungufu kwenye karatasi za hesabu, lakini kadi sikuirekebisha. Niliogopa. Nilijiambia nitaona nilipokosea kabla mtu hajauliza.

Jumanne aliletwa mama mmoja amepoteza fahamu kwa malaria. Kadi yangu ilisema boksi ishirini na nane. Rafu ilikuwa tupu. Na dawa nyingine nilikuwa sijaagiza, kwa kuwa kuagiza wakati kadi inasema zipo kungeniumbua. Wakampakia kwenye gari kumpeleka hospitali ya mkoa. Hakufika.

Alhamisi Matroni akaniita na karatasi zangu za hesabu. "Adela, nani anaingia stoo zaidi yako?"

Nikasema, "Ni Neema peke yake, wa dirisha la dawa. Anakuja kuchukua mzigo wa siku."

"Na ile wiki ambayo hazikupungua?"

Nikafungua daftari la zamu. Wiki ile Neema alikuwa likizo. Nikahisi kama jiwe limenitoka kifuani. Nikaliandika jina lake kwenye maelezo, nikasaini. Jioni hiyo Neema alisimamishwa kazi. Alipita mlangoni pangu akilia. "Dada Adela," alisema, "wewe unanijua." Nikajifanya natafuta kalamu.

Ndiyo sababu sikulala.

Basi mchana ule nainua kichwa na Mzee Sangiwa amesimama kati ya rafu, amevaa lile koti la kazi, miguu mitupu, na nyayo zake zina udongo mwekundu. Sikushtuka. Nilitaka tu kumpisha kiti. Akakataa kwa kichwa.

Akachukua karatasi zangu za wiki tano, akazipanga sakafuni moja moja kama mtu anayeanika. Stoo ikawa ndefu, ikawa wodi. Juu ya rafu, mahali pa katoni, yule mama wa Jumanne amelala kimya, amefunikwa kitenge chake hadi kidevuni. Nataka kumwomba msamaha lakini mdomo umejaa karatasi.

Mzee anaweka kidole juu ya nne. Anaweka juu ya nane. Anaweka juu ya kumi na mbili.

"Wiki hii ulifungua katoni ngapi?"

Nasema, "Moja."

"Na hii?"

"Mbili."

"Na hii ambayo hazikupungua?"

Nafikiri. Wiki ile wagonjwa walikuwa wachache. Tulitumia boksi zilizobaki rafuni. "Sikufungua katoni yoyote, Mzee." Wiki ya nne nilifungua tatu. Ya tano, moja. Naziona hesabu zikijipanga sakafuni bila mtu kuzigusa: kila katoni, nne. Kila katoni, nne.

Sasa tupo nje, kwenye kibaraza cha kupokelea mzigo, na jua ni kali. Mzee ameshika katoni iliyofungwa. Ananikabidhi.

"Ulipoipokea hii, uliona nini?"

"Niliona katoni."

"Ukaandika nini?"

"Boksi hamsini, kama ilivyoandikwa juu yake."

Anaigeuza juu chini. Kitako chake kina selotepu mbili, moja juu ya nyingine, na ya juu ni mpya. Nikakumbuka karatasi ngumu zilizokunjwa ambazo nilikuwa nikizikuta ndani, kwenye kitako cha katoni, kila nilipohamishia boksi rafuni. Niliona ni za kuzuia boksi zisigongane, nikazitupa. Nataka kusema, lakini Mzee ameanza kuvua koti. Analikunja. Sauti yake inakuwa ya karibu sana, kama ananisemea sikioni.

"Ulikesha unalinda mlango wa kutokea, mwanangu. Yule binti hana habari. Na mimi sikuwa na habari. Mwambie mke wangu."

Nikaamka kwa honi ya gari.

Lilikuwa gari la mzigo. Tuliagiza kwa dharura baada ya Jumanne, na dereva alikuwa ameshashusha katoni mbili kibarazani, fomu mkononi. "Saini hapa, dada, mbili kamili, niwahi."

Nikapiga magoti nikazigeuza. Selotepu mbili, moja juu ya nyingine. "Nendeni mkamwite Matroni," nikawaambia wahudumu waliokuwa karibu. "Hakuna kusaini mpaka zihesabiwe boksi kwa boksi, mbele yake." Dereva akasema haijawahi kufanyika hivyo. Kweli, haikuwahi, na saini zote zilizothibitisha hivyo zilikuwa zangu.

Arobaini na sita. Katoni ya pili, arobaini na sita. Chini, karatasi ngumu zilizokunjwa.

Kama zilifunguliwa huko zilikotoka au njiani, hilo watalichunguza wenye kazi yao. Dereva alizuiwa pale pale. "Neema arudi leo," Matroni akasema. Kisha akanitazama. "Lakini wewe ulijua kwa wiki tano kwamba kadi inadanganya."

"Nilijua."

"Na yule mama?"

Nilikabidhi funguo kabla jua halijazama.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Sangiwa. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaniitikia bila kuinua macho, maana alinikumbuka: mimi ni yule shahidi. Nikamweleza yote, ndoto na katoni, mpaka maneno aliyonituma mumewe. Nilitegemea atanifukuza, au atalia, au atainua mikono juu kumshukuru Mungu.

Akauweka ungo chini.

"Alikuwa ananiambia kila siku," akasema. "Asubuhi, jioni. Mama Sangiwa, mimi sikuchukua. Mwaka mzima. Nikampikia, nikamfulia, na sikumjibu." Alifuta viganja kwenye khanga, polepole. "Mimi nilidhani kaiba, Adela. Alikufa akijua nilidhani hivyo."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo kabisa, kama mumewe, katika ile ndoto, alionekana bado amekasirika.