Kumtafuta Mama kwa Sikio

Mdogo wetu wa mwisho alipokubali kuolewa, aliniomba kitu kimoja tu. Alitaka siku atakayotoka nyumbani kwa nyanya yetu, Kajiado, atoke akisikia wimbo wa mama.

Mama alipofariki, yeye alikuwa bado ananyonya. Baba alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla yake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikaacha shule ili nimlee yeye na kaka yetu wa katikati. Kwa hiyo tangu zamani, kila swali kuhusu wazazi huja kwangu. Mama alikuwa mrefu? Baba alikuwa anakasirika? Nimejibu maswali hayo miaka yote, hata yale ambayo sikuwa na hakika nayo. Mtoto akiuliza, huwezi kumwambia umesahau mama yake.

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Mama alikulia kwenye mbuzi, na ulikuwa mwito wa kuwaita watoto wa mbuzi waje kwa mama zao. Alipoolewa akahamia Kitengela, akautumia kutuita sisi tuje kula. Baba alikuwa na gitaa, akauwekea gitaa chini yake. Siku moja waliurekodi kwenye kaseti, na kaseti hiyo ilibaki kwenye sanduku langu pamoja na vyeti vyao.

Kaka yangu, ambaye ni fundi wa milango ya chuma, aliipeleka kwa mtu mwenye duka la kuhamisha kaseti kwenye simu. Redio ya yule mtu ilikuwa kuukuu. Ilicheza kaseti mara moja, na ilipofika mwisho ikaumeza utepe wote na kuutafuna. Tukabaki na sauti ile moja tu kwenye simu.

Tuliisikiliza dukani kwangu, pale ninaposhonea nguo, sisi watatu tumeinamia meza ya cherehani. Sauti ya mwanamke ilitoka, nzito, ya polepole, kama mtu anayeimba akiwa amelala chini. Gitaa lilimfuata kwa uchovu. Halafu, kabla sauti haijakatika, mtu mwingine alisema neno moja kwa sauti nene ambayo hatukuielewa.

Mdogo wangu alikuwa analia. "Dada, ndivyo alikuwa anaimba?"

"Ndivyo," nikasema.

Gitaa la baba lilikuwepo, limening'inia ukutani tangu siku aliyofariki, waya zikiwa na kutu. Lakini hakuna aliyejua kulipiga. Mdogo wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu programu ya kufundisha watu wazima gitaa nyumbani. "Hii haitaki usome noti," akaniambia. "Inakufundisha kwa sikio."

"Kwa nini usijifundishe wewe?"

"Bibi harusi atajipigia aje, dada?"

Nikanunua waya mpya, nikaanza. Nilifanya zoezi saa nane mchana, wakati wateja ni wachache, mlango ukiwa umefungwa nusu kwa sababu ya vumbi. Programu ilicheza sauti moja. Kwanza ilinitaka niiimbe kwa mdomo, ndipo niitafute kwenye waya. Simu ilikuwa inanisikiliza. Nikipata, duara lilikuwa kijani. Nikikosa, mshale ulinionyesha nipande au nishuke. Ilikuwa inasikia kila kitu. Jogoo wa jirani aliwahi kunikosesha zoezi zima.

Baada ya wiki nyingi nilikuwa naweza kusikia sauti tatu zikifuatana na kuzipata bila kuonyeshwa. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeota ngozi ngumu, tofauti na ile ya sindano. Nikaona nimefika. Programu ina sehemu ya kuingiza sauti yako mwenyewe, ukachagua kipande kifupi kikarudiwa mara nyingi unavyotaka. Nikamwingiza mama.

Hakuna nilichokipata. Kila sauti yake iliangukia katikati, juu ya kidole kimoja na chini ya kingine. Nilikuwa nimekaza waya za gitaa jinsi programu ilivyoniagiza, na mama hakuwa mle. Nikaogopa kidogo. Ilikuwa kama kubisha mlango wa chumba ambacho unamsikia mtu ndani, na chumba chenyewe hakipo.

Nikachezesha sauti ile kwa simu ya kaka yangu, ya kwangu ikiwa inasikiliza. Gitaa la baba lilipolia ndani ya ile sauti, simu yangu ilionyesha mshale: *chini mno, kaza waya*. Ilimwambia hivyo tena na tena. Baba yangu miaka yote hiyo kaburini, na simu inamwambia akaze waya.

Sikufikiria kwamba kosa ni la sauti. Nilifikiri kosa ni langu, kwamba wao walikuwa na kipimo chao na mimi ndiye niliyekivuruga. Kwa hiyo nikalegeza waya. Nilipiga wa kwanza huku gitaa la baba likilia kwenye simu, na sauti hizo mbili zikagombana, zikatetemeka pamoja. Nilivyozidi kulegeza, mtetemo ukapungua mwendo, ukawa mawimbi marefu, halafu ukakoma. Sikuweza kusema tena ni upi waya wangu na upi wake. Nililegeza zote sita hivyo. Nikakaa pale mlango ukiwa nusu, nikihisi kwamba nikigeuka nitamwona.

Tangu siku hiyo mama alikuwa dukani. Nilimchezesha hata nikikata kitambaa. Usingizini alikuwa akinijia na sauti ile nzito, akiita polepole, na mimi kwenye ndoto nilikuwa najiuliza alikuwa anaumwa wapi. Nilianza kukumbuka mambo ambayo sikuwahi kuyakumbuka: mama akiegemea ukuta, mama akipumua kwa shida akipakua ugali. Niliwasimulia wadogo zangu. Mdogo wangu aliyaandika.

Kaka yangu peke yake ndiye aliyetilia shaka. Alikuja siku moja akanikuta napiga, waya zikiwa zimelegea mpaka zinagonga shingo ya gitaa.

"Sista, hiyo inalia kama bati limetoka msumari."

"Ndivyo gitaa la baba lilivyokuwa."

"Kwake haigongi. Sikiza. Iko safi."

"We kachome milango yako," nikamwambia, akacheka akaenda.

Wiki moja kabla ya harusi nilikwenda Kajiado kumpigia nyanya wimbo. Kokoo, kama tunavyomwita, haoni vizuri lakini masikio yake ni mazima. Nilimkuta amekaa nje kwenye ngozi, mgongo kwenye ukuta wenye jua.

"Takwenya, kokoo," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akaitika, akanishika kichwa.

Nilimweleza kwamba nimemletea wimbo. Nikachezesha kwanza simu. Akatega sikio mpaka mwisho.

"Huyo mama ni mgonjwa?" akauliza.

"Ni mtoto wako, kokoo. Ni mama."

"Wangu?" Akacheka bila meno. "Wangu alikuwa anaimba kama mtu anakimbizwa na nyuki. Huyu amechoka. Mimi sikuzaa mtu amechoka hivi."

"Ni yeye. Ni kaseti yao."

"Nakerai, mtoto wangu, mbuzi gani atakuja kwa sauti kama hii? Atafikiri ni fisi."

Kisha akainua kidevu akauimba mwenyewe. Ulikuwa mwepesi, wa juu, wa haraka, na mwishoni ulikuwa na mruko mdogo kama mtu anayeruka mtaro. Ng'ambo ya ua, mbuzi wawili waliinua vichwa. Na mimi nikasimama kabla sijajua kwamba nimesimama, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeitwa kula.

Nilikuwa naujua. Miaka yote nilikuwa naujua.

Nikakaa tena nikachukua simu. Kwenye programu kuna mahali pa kubadilisha sauti uliyoingiza: unaweza kupunguza au kuongeza mwendo huku sauti zikibaki pale pale, au ukaruhusu zipande pamoja na mwendo. Nikaruhusu. Nikamwambia kokoo aimbe tena, nikawa naongeza kidogo kidogo na kulinganisha kwa sikio kama nilivyofundishwa. Sauti yake na ya mama zilipokutana, gitaa la baba lilikuwa limepanda karibu nafasi tatu za vidole kwenye shingo, na kila sauti ikakaa mahali pake. Nikaielekezea simu ya mdogo wangu, niliyokuwa nimeiazima ikiwa na programu ile ile, na duara likawa kijani kwa baba. Hakuwa amekosea chochote. Ile redio kuukuu ya mwenye duka la kaseti ilikuwa imechoka, inazungusha utepe polepole, na ikampunguza mama mwendo na kumshusha sauti.

Nikauacha ucheze mpaka mwisho, kwenye lile neno la mtu mwenye sauti nene. Ilikuwa sauti ya msichana mdogo. Alisema, "Nimekuja."

Kokoo akasema, "Huyo ni wewe."

Kuwaambia wadogo zangu ilikuwa vigumu kuliko kujifunza gitaa. Niliwaita dukani, nikawachezeshea sauti iliyorekebishwa. Mdogo wangu alisikiliza, macho yakiwa kwenye sakafu.

"Lakini ulisema ndivyo alikuwa anaimba."

"Nilikuwa nimesahau. Nikasikia ile, nikaona ni aibu kusema nimesahau."

"Na zile hadithi? Kuegemea ukuta?"

"Sijui zilitoka wapi."

Kaka yangu alitaka kufanya mzaha, akauacha. Mwishowe mdogo wangu akasema, "Basi siku hiyo piga hii. Hii ya haraka. Lakini usiniambie tena kitu hujui, dada. Sema hujui."

Nikakubali. Nilikaza waya zote sita pale pale, mbele yao.

Siku ya harusi alitoka kwa kokoo asubuhi, kichwa chini, shanga zikimlemea, na wanawake wakamkumbusha kwamba anayetoka hivyo haangalii nyuma. Nilikuwa nimekaa kando ya mlango. Niliupiga kwa mwendo wake, vidole vikikosea mahali pawili. Kokoo akaimba juu yake. Mdogo wangu alitembea, na hatua zake zikawa za haraka bila yeye kukusudia, mpaka wanawake wakacheka wakamwambia apunguze, mume hakimbii. Hakuangalia nyuma. Niliona mabega yake tu, na sikujua kama analia au anacheka.

Sasa nikipiga gitaa napiga hiyo ya haraka. Lakini ile sauti ya kwanza, ya mwanamke mzito anayeimba amelala, sijaifuta kwenye programu. Nilikaa naye miezi mingi dukani, nikamhurumia, nikamshonea maisha mazima ya uchungu ambayo hakuna aliyeyaishi. Bado huja, hasa mchana kukiwa kimya na mlango ukiwa nusu. Najua si mama. Sijui ni nani, na huwa namwitikia.